Kinachoelea na kinachozama: dhana potofu na ukweli wa jaribio la beseni kwa mtoto wa miaka saba

Mtoto wa miaka saba anayekulia Mwanza hafiki kwenye beseni la maji akiwa hajui kitu. Ameshaona mitumbwi ya dagaa ikirudi asubuhi, magugumaji yaliyosukumwa ufukweni na upepo, na maboya ya nyavu yaliyokatwa kwenye ndala kuukuu. Anazo sababu zake tayari, na nyingi amezipata kwetu sisi wakubwa. Kwa hiyo jaribio la kuelea na kuzama likifanywa kwa vitu vyovyote vilivyo karibu, mtoto atachezea maji tu na kuondoka na imani ileile aliyokuja nayo. Kazi yote iko kwenye kuchagua vitu vitakavyoigonga imani hiyo, na kwenye kumfanya aandike anachodhani kabla kitu hakijagusa maji.

Maandalizi ni mepesi. Chukua beseni la kufulia, ikiwezekana la rangi nyeupe ili chini paonekane, na maji ya kina cha shubiri moja hivi. Andaa msumari, kiazi mviringo, tikiti dogo, chungwa, kizibo cha soda, na chupa ya maji ya plastiki pamoja na kifuniko chake. Weka na taulo kuukuu pembeni, maana sakafu italowa. Kwenye daftari chora jedwali la safu nne: kitu, ninachodhani, kwa nini, na nilichoona. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili bado anaandika polepole, kwa hiyo mshale wa kwenda juu uwe "kitaelea" na wa kwenda chini uwe "kitazama". Safu ya "kwa nini" ndiyo ya maneno, na neno moja au mawili yanatosha.

Kubalianeni na sheria moja kabla ya kuanza: kitu kinawekwa taratibu, mnahesabu pamoja hadi kumi, ndipo matokeo yanaandikwa. Kisipogusa chini, kimeelea, hata kama kinatokeza kidogo tu juu ya maji. Bila sheria hiyo mtabishana juu ya kila kitu kinachoelea kikiwa karibu chote ndani ya maji.

Dhana: Kizito huzama, chepesi huelea.

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na ni ngumu kung'oa kwa sababu mara nyingi inaonekana kweli: jiwe zito linazama, njiti ya kiberiti nyepesi inaelea. Usibishane nayo kwa mdomo. Mpe mtoto tikiti alibebe kwa mikono miwili, kisha mpe msumari ashike kwa vidole viwili. Aandike. Karibu kila mtoto ataandika kwamba tikiti litazama. Likishuka kwenye maji na kurudi juu likigeukageuka, huku msumari umelala chini, ameona kwa macho yake kwamba uzito peke yake hautoi jibu.

Kisha kiazi. Kitazama, na hapo mtoto atasema ni kwa kuwa ni kikubwa. Kata kipande chenye ukubwa wa punje ya hindi, aandike anachodhani, akitumbukize. Nacho kitazama. Kipande kimepungua uzito, lakini ukubwa nao umepungua kwa kiasi kilekile, kwa hiyo mbele ya maji hakuna kilichobadilika.

Ila jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la chungwa, kwa sababu hapo kitu kilekile kinabadilisha tabia. Chungwa zima linaelea. Litoe, limenye, na sasa ni jepesi zaidi kuliko mwanzo. Mtoto anayeamini uzito atasema kwa uhakika kwamba litaelea vizuri zaidi. Linazama. Hapa kuna jambo moja la kuangalia: usilimenye kama wauzaji wa barabarani, wanaoondoa ngozi ya juu na kuacha nyeupe. Hiyo nyeupe ni kama sponji, imejaa vijitundu vya hewa, na ikibaki chungwa litaendelea kuelea. Ondoa yote hadi zionekane zile kuta nyembamba za vipande vya ndani. Na likikaidi hata hivyo, angalia katikati, kwani machungwa mengine yana uwazi katikati unaoshika hewa. Lizamishe kwa kidole, ligeuze mapovu yatoke, kisha uliachie.

Ukweli: Kinachoamua ni uzito wa kitu ukilinganishwa na uzito wa maji yanayoenea nafasi ileile. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tikiti la kilo 4 linachukua nafasi inayozidi kidogo lita 4, kwa hiyo ni jepesi kuliko maji ya ukubwa wake, na linaelea. Msumari una gramu chache tu, lakini maji ya ukubwa wa msumari ni mepesi kuliko msumari wenyewe. Haya ni ya mzazi kujua. Mtoto wa miaka saba hahitaji hesabu hiyo, inatosha afikie kusema, "Ni zito kwa ukubwa wake."

Dhana: Plastiki na mbao huelea, chuma huzama.

Mtoto akishaiacha dhana ya uzito, hukimbilia hii. Tumia chupa ya maji. Kifuniko kitupie ndani, kitaelea. Kisha wewe mwenyewe, si mtoto, kata kwa mkasi kipande cha ubavu wa chupa chenye ukubwa wa stempu, maana kingo zake hukata vidole. Kitazama. Chupa na kifuniko chake ni plastiki za aina mbili, moja nzito kuliko maji na nyingine nyepesi kuliko maji. Hapa majaribio mengi huharibika: kipande chepesi kikiwekwa bapa juu ya maji kinaweza kukaa pale, kikishikiliwa na ule utando wa uso wa maji, na mtoto akaandika kwamba kimeelea. Kisukume chini kwa kidole kisha uachie. Kikirudi juu, kinaelea kweli. Kikibaki chini, kimezama.

Mbao nazo zina mkaidi wao. Kama nyumbani kuna kinyago cha mpingo halisi, kijaribu kwa muda mfupi na ukifute haraka. Mpingo ni mzito kuliko maji na huzama kama jiwe.

Chuma kiachie kizibo cha soda. Kikilazwa taratibu meno yakiangalia juu, kinaelea. Kikiinamishwa maji yakaingia, kinazama. Ni chuma kilekile, kwa hiyo kwenye jedwali kiandikwe mara mbili, maana matokeo yote mawili ni ya kweli. Kilichobadilika ni nafasi ambayo maji yalizuiwa kuingia. Hapo ndipo mtoto anapoweza kuielewa MV Mwanza, ile meli ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita 90 iliyoshushwa majini katika Bandari ya Mwanza Kusini mwaka 2023. Ni kizibo kikubwa sana kilicholazwa upande sahihi, na mtoto akiambiwa hivyo mara tu baada ya kuzamisha kizibo chake, ataelewa pia kwa nini maji hayatakiwi kuingia ndani ya meli.

Jedwali la mtoto mmoja wa jirani yetu lilikuwa hivi:

| Kitu | Ninadhani | Kwa nini | Nilichoona |
|---|---|---|---|
| Msumari | ↓ | chuma | ↓ |
| Tikiti | ↓ | zito sana | ↑ |
| Kiazi | ↓ | kizito | ↓ |
| Kipande cha kiazi | ↑ | kidogo | ↓ |
| Chungwa zima | ↓ | zito | ↑ |
| Chungwa lililomenywa | ↑ | jepesi sasa | ↓ |
| Kifuniko cha chupa | ↑ | plastiki | ↑ |
| Kipande cha chupa | ↑ | plastiki | ↓ |
| Kizibo kilicholazwa | ↓ | chuma | ↑ |
| Kizibo kilichoinama | ↓ | maji yameingia | ↓ |

Dhana: Ubashiri uliokosea ufutwe na uandikwe ulio sahihi.

Hesabu jedwali hilo: amepatia mara nne kati ya kumi. Mama yake alitaka kuchukua kifutio, na hilo linaeleweka, kwa kuwa daftari la shule limetuzoesha kwamba kosa ni doa. Lakini safu ya ubashiri si mtihani. Isome kutoka juu hadi chini na utaona akili ya mtoto ikitembea: ukiacha msumari, ameanza na uzito, amehamia kwenye plastiki na chuma, na kwenye mstari wa mwisho ameandika "maji yameingia". Hilo ni jibu la kwanza ambalo halitaji uzito, ukubwa, wala kile ambacho kitu kimetengenezwa nacho. Ukifuta, umepoteza alama hiyo. Mwache aandike kwa kalamu ya wino, na asiruhusiwe kurudi nyuma.

Angalia pia mstari wa kiazi kizima. Amepatia, ila kwa sababu isiyo sahihi. Bila safu ya "kwa nini" usingejua, ungempa vema na kupita.

Dhana: Kitu huelea kwa sababu kina hewa ndani.

Hii ina nusu ya ukweli. Lipasue shina la gugumaji, lile lililovimba chini ya jani, uone lilivyo kama sponji. Libane chini ya maji na mapovu yatapanda. Sangara naye ana bondo, mfuko wa hewa unaomsaidia kukaa katikati ya maji bila kuzama wala kupanda. Hewa inaongeza ukubwa bila kuongeza uzito wa maana, ndiyo maana inasaidia. Lakini mshumaa hauna hewa ndani na unaelea, hata ukikatwa vipande. Mimina kijiko cha mafuta ya alizeti kwenye glasi ya maji: yanakaa juu, na mafuta hayana hewa.

Dhana: Maji yakiwa mengi, kitu huelea vizuri zaidi.

Hapana. Kiazi kitazama kwenye beseni na kitazama ziwani. Maji yanahitaji tu kuwa na kina cha kutosha kitu kisiguse chini kwa sababu ya ukubwa wake. Jaribio hili halihitaji ziwa, na ufukweni kuna kichocho na kina kinachobadilika ghafla. Fanyeni uani, na mkimaliza mwageni maji, hasa kama kuna mdogo wake anayetambaa.

Siku inayofuata mpe vitu viwili vipya, kitunguu maji na kiazi vya ukubwa unaokaribiana, kimoja kila mkono, macho yamefumbwa, aseme kabla ya kuandika. Kitunguu huelea. Kisha mpe nyanya mbili kutoka fungu moja. Nyanya imekaribiana sana na maji kwa uzito wa ukubwa wake, moja inaweza kuelea na nyingine kuzama, na mkono hauwezi kuhisi tofauti hiyo. Hapo hata wewe andika ubashiri wako, kwenye jedwali lako.