Kichwa kutulia si kipimo

“Nikimeza parasetamoli kichwa kikatulia, basi haikuwa malaria, sivyo?”

Sivyo. Parasetamoli hutuliza maumivu na kushusha homa ya aina yoyote (kuimeza si kosa), lakini haiui vimelea vya malaria. Vimelea huendelea kuzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua, mara nyingi kila baada ya saa 48 hivi. Ndiyo maana mtu hupata nafuu Jumatatu jioni, Jumatano akatetemeka tena, akadhani ni ugonjwa mpya.

Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu ya kidole na dakika 15 hadi 20. Kikionyesha huna na homa ikaendelea, rudi upimwe tena: mwanzoni vimelea huweza kuwa vichache mno. Shingo ikikakamaa au mgonjwa akichanganyikiwa, awahishwe hospitali.