Kwa nini roboti hupinda hata magurudumu yakiwa na mwendo sawa

Wiki iliyopita tulinyoosha uzi wa fundi mwashi, mita 5, juu ya sakafu ya saruji ya karakana yetu hapa Tabora, tukaiwasha roboti kando yake. Ilianza sambamba na uzi, ikaishia sentimita 17 upande wa kulia. Mwanafunzi mmoja akanionyesha grafu kwenye kompyuta: "Mwalimu, mwendo wa magurudumu yote mawili ni sawa kabisa, mbona inapinda?"

Niliwapeleka kwa mawazo stesheni ya reli, ambayo kila mtu wa Tabora anaijua. Magurudumu mawili ya behewa yamebanwa kwenye ekseli moja ya chuma, hivyo moja haliwezi kuzunguka bila mwenzake. Roboti yetu haina ekseli. Kila gurudumu lina mota yake, na hakuna mota mbili zinazofanana, hata zikitoka boksi moja.

Kila mota ina enkoda inayotoa mapigo 1,320 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Tairi lina kipenyo cha milimita 65, kwa hiyo pigo moja ni kama milimita 0.155 za safari. Kila baada ya milisekunde 20 programu inahesabu mapigo mapya, inayalinganisha na lengo la mapigo 39, kisha inaongeza au kupunguza nguvu ya mota, namba kati ya 0 na 255. Hicho ndicho kitanzi cha ndani, kimoja kwa kila gurudumu.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya kitanzi hicho. Nguvu inayoshikilia mwendo hutoka kwenye makosa yaliyolimbikizwa: kwetu, kila pigo lililokosekana huongeza nguvu kwa 0.5. Mota ya kushoto ilihitaji nguvu 90, ya kulia ni nzito kidogo, ikahitaji 110. Ili kuzifikia namba hizo, ya kushoto ililazimika kwanza kuchelewa mapigo 180 na ya kulia mapigo 220. Baada ya hapo mwendo ukawa sawa, grafu ikapendeza, lakini yale mapigo 40 ya tofauti hayakurudi tena. Ni milimita 6 tu. Ila magurudumu yameachana milimita 180, hivyo milimita 6 zinaigeuza roboti karibu digrii 2, na digrii 2 kwa mita 5 ndizo zile sentimita 17. Roboti ilikuwa inaenda moja kwa moja kweli, lakini kuelekea upande usio wake.

Kinachokosekana ni ekseli, na tunaitengeneza kwa hesabu. Kitanzi cha nje hakiangalii mwendo, kinaangalia jumla ya mapigo tangu safari ianze:

```cpp
float e = jumlaKushoto - jumlaKulia;
float u = constrain(0.05 * e, -6, 6);
lengoKushoto = mwendo - u;
lengoKulia   = mwendo + u;
```

Kitanzi cha nje hakigusi nguvu ya mota. Kinabadilisha lengo tu, na vitanzi vya ndani vinalitekeleza. Gurudumu lililotangulia linapunguziwa lengo, lililochelewa linaongezewa, mpaka tofauti iwe sifuri.

Hiyo 0.05 nimeichagua kwa makusudi. Kwa kuwa gurudumu moja linapunguziwa na jingine linaongezewa, inapunguza tofauti kwa sehemu ya kumi kila hatua, yaani kitanzi cha nje kinachukua kama milisekunde 200 kurekebisha, wakati cha ndani kinachukua kama 70. Cha ndani lazima kiwe na kasi kuliko cha nje, na mimi huwa nataka iwe karibu mara tatu. Wanafunzi walipopandisha namba hiyo hadi 0.3, roboti ilianza kuyumba kama nyoka, kwa sababu amri mpya ilifika kabla ile ya kwanza haijatekelezwa.

Roboti yetu ya pili ilitusumbua kwa namna nyingine. Mapigo yalikuwa sawa mwisho wa safari, lakini ilikwenda nusu mita kushoto. Tuliigeuza ianzie upande wa pili wa karakana, ikaenda tena kushoto kwake. Kama tatizo lingekuwa mteremko wa sakafu, safari hii ingekwenda kulia kwake. Basi tuliisukuma kwa mkono mita 5 kamili kando ya uzi na kusoma mapigo: kushoto 32,571, kulia 32,320. Tairi la kushoto lilikuwa dogo kwa nusu milimita. Tukazidisha mapigo ya kushoto kwa 0.992 kabla hayajaingia kwenye vitanzi vyote viwili, ikanyooka.

Nje ya karakana, kwenye mchanga, hesabu hii inagota. Gurudumu linateleza, enkoda inaendelea kuhesabu, na tofauti inabaki sifuri huku roboti imeshageuka. Hapo kitanzi cha nje kinahitaji jairoskopu inayopima mgeuko wenyewe, lakini vitanzi vya ndani tunaviacha vilevile.