Ukwasi na mzigo wa madeni: afisa mikopo anaonaje mizania yako

Ukwasi ni uwezo wa biashara kulipa madeni yanayotakiwa kulipwa ndani ya mwaka huu, mzigo wa madeni ni kiasi gani cha biashara kinabebwa na hela za watu wengine ukilinganisha na hela ya mwenye biashara. Watu wengi wanavikokotoa kila kimoja kivyake halafu basi, mi nilivyofundishwa kwenye dawati la mikopo ni kwamba hivi viwili vinashikana, na namba za kwenye karatasi unazichambua kwanza ndo unagawanya.

Tuchukue mfano wa kampuni ya jumla ya vifaa vya ujenzi, namba zote ni milioni za shilingi. Mizania ya 31 Desemba inasema keshi 20, wateja wa mali kauli wanadaiwa 260, stoku 320, jumla 600. Upande wa pili wasapulaya wanadai 210, overdrafti 120, na sehemu ya mkopo inayotakiwa kulipwa mwaka huu 70, jumla 400. 600 gawa kwa 400 unapata 1.5, mwenye duka anafurahi maana kila shilingi 1 ya deni ina 1.5 ya kuilipa.

Sasa mkopeshaji anaanza kutoa vitu. Stoku anaiweka pembeni kwanza kwa sababu bati na nondo hazilipi riba mpaka ziuzwe, inabaki 280 kwa 400, yaani 0.7. Halafu anaomba orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni, hii usiache kuiomba kabisa, anakuta 110 kati ya ile 260 imepita siku 90 na wengine hawapokei hata simu. Ukiitoa inabaki 170 kwa 400, kama 0.43 hivi. Ile 1.5 imeishia hapo, na hakuna aliyedanganya.

Na hiyo 110 haiishii kwenye ukwasi. Mtaji wa mwenye kampuni kwenye mizania ni 350 na madeni yote, pamoja na mkopo wa muda mrefu uliobaki wa 210, ni 610, kwa hiyo deni ni mara 1.74 ya mtaji. Lakini deni ambalo mteja hatalipa ni hasara, na hasara inakula mtaji, 350 inakuwa 240 na uwiano unapanda mpaka 2.54. Ndo maana nasema vinashikana, mdaiwa mmoja mbovu anakuumiza pande zote mbili kwa mpigo.

Kingine, mizania ni picha ya siku moja tu. Mtu akiahirisha kupokea mzigo wa mkopo wa 100 mpaka Januari, stoku inapungua 100 na deni la sapulaya linapungua 100, inakuwa 500 kwa 300, 1.67, uwiano umependeza na biashara ni ileile. Dawa yake ni steitimenti ya benki ya miezi 12. Hapo utaona pia kama overdrafti inashuka na kupanda au imeganda kwenye 120 mwaka mzima, ikiganda hiyo siyo overdrafti tena, ni mkopo wa muda mrefu uliovaa nguo nyingine.

Tuje kwenye taarifa ya mapato. Mauzo 1,200, gharama ya bidhaa 960, matumizi 130 ambayo ndani yake uchakavu ni 30. Faida kabla ya riba na kodi ni 110, riba 60, kwa hiyo faida inafunika riba mara 1.8, siyo mbaya. Ila riba siyo kitu pekee anacholipa, kuna na ile 70 ya mkopo, jumla 130 kwa mwaka. Hela ya kulipia ni 110, rudisha uchakavu 30 maana hautoki mfukoni, toa kodi 15, unapata 125. 125 kwa 130 ni 0.96. Kampuni ina faida ya 35 baada ya kodi na bado haifikishi hela ya marejesho, wakati wakopeshaji wengi wanataka angalau 1.2 kwenda juu.

Sasa huyu kaja kuomba 100 ya kuongeza stoku. Stoku aliyonayo inakaa siku 122 kabla ya kuuzwa (320 gawa kwa 960 zidisha 365), akiongezewa ataongeza bati za kukaa ghalani na riba juu yake. Mi ningemnyima hiyo 100, ila ningerefusha mkopo wake wa zamani, 280 iliyobaki ilipwe 40 kwa mwaka badala ya 70, marejesho pamoja na riba ya 60 yanashuka mpaka 100, na 125 kwa 100 ni 1.25, kwa sharti kwamba kila mwezi analeta orodha ya wadaiwa na ile 110 anaanza kuifuatilia sasa hivi.