Kikomo cha Bima Bila Vipimo: Dhana Potofu Zilizonifanya Niiandikie Barua Kampuni ya Bima

Katika orodha ya wanachama inayoambatana na ankara ya bima ya maisha ya kikundi, huwa kuna safu mbili ambazo ni rahisi kuzipita bila kuzilinganisha. Ya kwanza inaonyesha mafao ambayo mfanyakazi anastahili kwa kadiri ya mshahara wake, na ya pili inaonyesha mafao ambayo kampuni ya bima imekubali kuyabeba. Katika kampuni ninayoifanyia kazi hapa Mombasa nikiwa karani wa mafao ya wafanyakazi, safu hizo zililingana kwa wafanyakazi 85 kati ya 86. Kwa mmoja tu, meneja anayelipwa shilingi 250,000 kwa mwezi, hazikulingana: upande mmoja palikuwa na shilingi 12,000,000 na upande wa pili shilingi 8,000,000. Nilipouliza sababu nilipewa maelezo matatu na watu watatu, kila mmoja akisema kwa uhakika, na hakuna maelezo mawili yaliyopatana. Ndipo nilipoona kuwa jambo hili linahitaji kuulizwa kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi.

Kiini cha tofauti hiyo ni kile ninachokiita hapa kikomo cha bima bila vipimo, ambacho kwenye jedwali la mkataba huonekana kwa herufi tatu, FCL, kifupi cha jina la Kiingereza Free Cover Limit. Ni kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni ya bima inakubali kumkatia kila mwanachama bila kumdai uthibitisho wowote wa afya yake. Kiasi kinachozidi hapo hakimfikii mwanachama mpaka ajaze fomu ya afya, apimwe ikihitajika, na kampuni ya bima ikubali kwa maandishi.

Dhana: Ni sehemu ya bima isiyolipiwa

Kosa hili linatokana na jina lenyewe, kwa kuwa wengi hulifasiri kuwa ni kikomo cha bima ya bure. Ukweli ni kwamba ada hulipwa kuanzia shilingi ya kwanza ya mafao. Kinachosamehewa ni vipimo na maswali ya afya, wala si ada.

Dhana: Kikomo kimewekwa na serikali, hivyo kinafanana kila mahali

Kampuni ya bima ndiyo inayokipanga, na hukipanga kwa kila kikundi peke yake. Hutazama idadi ya wanachama, jumla ya mafao yao, umri wao na aina ya kazi wanayoifanya. Kwa kawaida kikundi kikubwa hupewa kikomo kikubwa, kwa sababu hasara ya kifo kimoja hugawanyika katika ada za watu wengi.

Hata hivyo idadi peke yake haitoshi kueleza kwa nini kampuni ya bima inathubutu kukubali watu ambao haijawapima. Inachokiogopa zaidi ni mtu anayejua kuwa ni mgonjwa kujichagulia mafao makubwa. Katika bima ya kikundi nafasi hiyo imezibwa na kanuni mbili: kila mfanyakazi anayestahili huingizwa, na mafao yake huamuliwa na fomula, kwa mfano mara nne ya mshahara wa mwaka, bila yeye kuchagua. Kwa hiyo mwajiri anayewaruhusu wafanyakazi waingie kwa hiari au wajiongezee mafao wapendavyo asishangae kikomo kikishushwa au kuondolewa. Vilevile, kikundi kikipungua kutoka watu 86 hadi 40, kampuni ya bima inaweza kukiangalia upya kikomo hicho wakati wa kuhuisha mkataba wa mwaka.

Dhana: Mkataba wa ajira unaahidi mara nne, kwa hiyo warithi watalipwa mara nne

Hili ndilo kosa lililonisumbua zaidi, maana linaweza kukaa miaka bila kugundulika na likajitokeza siku ambayo familia iko msibani. Mshahara wa meneja wetu kwa mwaka ni shilingi 3,000,000, na mara nne yake ni shilingi 12,000,000. Kikomo cha kikundi chetu ni shilingi 8,000,000. Ikiwa hajawasilisha uthibitisho wa afya, na akafariki leo, kampuni ya bima italipa shilingi 8,000,000 na itakuwa imetimiza mkataba wake kikamilifu. Shilingi 4,000,000 zilizobaki haziwezi kudaiwa kwake. Ahadi ya mara nne ilitolewa na mwajiri katika mkataba wa ajira, na kampuni ya bima haikuwa sehemu ya mkataba huo. Kwa hiyo warithi wakiidai, watamgeukia mwajiri.

Jibu ambalo husikika hapa ni kwamba mwajiri amelipa ada kamili. Hilo lisiaminiwe kabla ya kupigiwa hesabu. Tuchukulie ada ni shilingi 4 kwa kila shilingi 1,000 za mafao kwa mwaka. Mafao ya shilingi 12,000,000 yangelipiwa shilingi 48,000, na ya shilingi 8,000,000 yangelipiwa shilingi 32,000. Nilipotazama mstari wa meneja nilikuta 32,000, na hapo nikajua kwamba ziada yake haijakubaliwa. Lakini kinyume chake hakithibitishi chochote, kwa sababu zipo kampuni zinazotoza ada ya mafao yote kwanza na kurekebisha baadaye. Kinachothibitisha ni barua ya kampuni ya bima inayomtaja mwanachama na kiasi kilichokubaliwa.

Kwa upande wetu, barua ya kumtaka meneja aende kupimwa ilikuwa imeletwa kwa barua pepe miezi kadhaa nyuma, ikiwa kiambatisho cha pili nyuma ya ankara. Hakuna aliyeifungua. Ninalisema hili kwa sababu naamini si sisi peke yetu: ombi la vipimo humjia mwajiri, na mfanyakazi hawezi kutimiza asichoambiwa.

Dhana: Aliye chini ya kikomo hana la kuangalia

Kuna sharti ambalo husahaulika, nalo ni kuwa kazini. Mikataba mingi humtaka mwanachama awe anafanya kazi zake za kawaida siku bima yake inapoanza. Aliye katika likizo ya ugonjwa siku hiyo anaweza asihesabiwe kuwa ameingia mpaka arudi kazini, hata kama mafao yake ni madogo kuliko kikomo.

Jambo la pili ni nyongeza ya mshahara. Mfanyakazi anayelipwa shilingi 160,000 kwa mwezi ana mafao ya shilingi 7,680,000, yaani yuko chini ya kikomo. Akiongezwa asilimia 10, mshahara unakuwa 176,000 na mafao yanapanda hadi 8,448,000. Amevuka kikomo kwa shilingi 448,000, na siku hiyo kilichosherehekewa ofisini kilikuwa ni nyongeza tu. Kwa hiyo orodha ya mishahara ipigiwe hesabu upya kila mishahara inapobadilika, bila kungoja siku ya kuhuisha mkataba.

Dhana: Atakayepimwa atafichuliwa kwa mwajiri, na akikutwa na maradhi atapoteza bima yote

Hofu hii ina uzito, na ndiyo inayowafanya baadhi ya wafanyakazi waahirishe vipimo mpaka wasahau. Vipimo vinahusu ziada peke yake. Katika mfano wetu uamuzi utakuwa juu ya zile shilingi 4,000,000: zikubaliwe kama zilivyo, zikubaliwe kwa nyongeza ya ada, ziahirishwe, au zikataliwe. Zile shilingi 8,000,000 za mwanzo zinabaki pale pale. Anayekataa kupimwa naye hubaki kwenye kikomo.

Majibu ya vipimo yanakwenda kwa daktari wa kampuni ya bima, na mwajiri anapaswa kupokea uamuzi bila maelezo ya ugonjwa. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Kuhusu VVU, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2006, katika kifungu cha 35, inawataka wenye kutoa bima waweke kiwango cha kuridhisha ambacho chini yake mtu hatakiwi kutaja hali yake, na inawaruhusu kudai kipimo pale mtu anapotaka bima iliyo juu ya kiwango hicho. Katika ofisi yetu niliamua kwamba fomu za afya zisipitie mezani kwangu kabisa. Mfanyakazi hupewa bahasha, huifunga mwenyewe, na mimi huandika tarehe tu.

Baada ya kuyapambanua hayo, bado yalibaki mambo ambayo hutofautiana kutoka mkataba hadi mkataba, na ambayo ni kampuni ya bima pekee inayoweza kuyajibu. Barua niliyoiandika ndiyo hii, nikiwa nimeondoa majina na namba ya mkataba.

*Kwa Meneja wa Bima za Vikundi,*

*YAH: OMBI LA UFAFANUZI KUHUSU KIKOMO CHA BIMA BILA VIPIMO*

*Tafadhali rejea mkataba wetu wa bima ya maisha ya kikundi wenye wanachama 86 na kikomo cha shilingi 8,000,000 kwa kila mwanachama. Tunaomba mtufafanulie kwa maandishi mambo yafuatayo, mkitaja kifungu cha mkataba kinachohusika katika kila jibu.*

*Kwanza, mwanachama ambaye mafao yake yamezidi kikomo na bado hajapimwa, je, ana kinga yoyote ya muda juu ya ziada hiyo, hata ya kifo kitokanacho na ajali pekee, na kwa siku ngapi? Pili, ada yake inatozwa juu ya kiasi gani wakati uamuzi unasubiriwa? Tatu, gharama za vipimo zinalipwa na nani, na vipimo vifanyike katika hospitali zipi? Nne, mwanachama aliyekwisha kukubaliwa juu ya kikomo, mshahara wake ukipanda tena, ni nyongeza ya kiasi gani itakayomlazimu kupimwa upya? Tano, kikomo kikishushwa wakati wa kuhuisha mkataba, je, waliokuwa wamekingwa kwa kikomo cha zamani watabaki na mafao yao?*

*Mwisho, tunaomba orodha ya wanachama wote ambao mafao yao yaliyokubaliwa ni pungufu ya yale wanayostahili, ikionyesha uthibitisho gani unasubiriwa kwa kila mmoja na tangu tarehe gani. Maombi ya vipimo ya siku zijazo tunaomba yaletwe kwa barua ya peke yake, yakiwa yametengwa na ankara, ili yamfikie mwanachama ndani ya wiki hiyo hiyo.*

*Wako mwaminifu,*
*Karani wa Mafao ya Wafanyakazi*