Kijiji cha Mbali Hakikuambii Urefu wa Njia ya Basi la Shule

Wiki hii nimeletewa tena karatasi ileile ya makadirio ya basi la shule, safari hii na shule nyingine. Kijiji cha mbali kabisa kiko kilomita 7, basi linakwenda kilomita 40 kwa saa, kwa hiyo mtoto wa mbali atasafiri dakika 10 na ushee, na kwa usalama wameandika 20. Hesabu hiyo ni sahihi kwa teksi inayomchukua mtoto mmoja na kurudi naye moja kwa moja. Basi la shule halifanyi hivyo: linatoka kijiji kimoja kwenda kingine, na mtoto aliyepanda wa kwanza anazungushwa kote huko pamoja nalo. Umbali wa kijiji cha mbali, katika hesabu hii, karibu hauna kazi.

Kinachotawala urefu wa njia ni mambo mawili, yaani eneo ambalo vituo vimetawanyika na idadi ya vituo vyenyewe. Nasema vituo, si watoto, kwa sababu watoto watano wanaosubiri chini ya mwembe mmoja ni kituo kimoja. Vituo vikitawanyika ovyo ndani ya eneo, mzunguko mfupi kabisa unaovipitia vyote hukua kwa kipeuo cha pili cha zao la idadi ya vituo na eneo. Mtakwimu wa India, Mahalanobis, alikuwa akiutumia uhusiano wa namna hii kukadiria gharama za wapimaji wa mashamba ya juti huko Bengal miaka ya 1930 na 1940, na wanahisabati Beardwood, Halton na Hammersley wakauthibitisha mwaka 1959. Kigawo chake, yaani namba ya kuzidishia kipeuo hicho, vituo vikiwa vingi mno, ni kama 0.71. Basi la shule halina vituo vingi mno, na vituo vichache huwa na sehemu kubwa iliyo pembezoni mwa eneo, hivyo kigawo hupanda: kwa pointi kama 16 ninatumia 0.87, na kwa pointi 30 hivi ninatumia 0.82.

Tuchukue shule iliyo katikati ya eneo la kilomita 10 kwa 10, yenye vituo 15 na watoto 28, wanaotosha ndani ya Kosta moja. Ukihesabu na shule yenyewe unapata pointi 16. Eneo ni kilomita za mraba 100, zidisha kwa 16 upate 1,600, kipeuo chake ni 40, na mara 0.87 ni kilomita 35. Hizo ni kilomita za kunguru. Barabara za vijijini hazinyooki, kwa hiyo ninazidisha kwa 1.4 na kupata kilomita 49. Kumbuka kwamba kijiji cha mbali bado kiko kilomita 7 tu.

Muda ni rahisi zaidi. Kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo, Kosta iliyobeba watoto hupata wastani wa kilomita 25 kwa saa, hata kama mshale wa spidi unagusa 50 mara kwa mara, kwa hiyo kilomita 49 ni takriban dakika 118. Kila kituo kinakula kama dakika 1 ya kupunguza mwendo, kufungua mlango na kuondoka tena, na kila mtoto sekunde 10 za kupanda, jumla dakika 20. Kengele ikiwa saa 1:30 asubuhi, basi linaondoka shuleni tupu saa 11:12 alfajiri. Mtoto wa kwanza anapanda saa 11:20, gizani, na kukaa ndani ya basi saa 2 na dakika 10.

Hapo ndipo mwenye shule huniambia kwamba wastani si mbaya. Ni kweli, wastani ni kama saa 1 na dakika 10, kwa kuwa mtoto wa mwisho anapanda dakika chache kabla ya kufika. Lakini hakuna mtoto anayesafiri wastani. Wa kwanza analipa karibu mara mbili yake, na ni yuleyule kila asubuhi, kwa sababu nyumba yao haihami. Ukipanga njia kwa kutazama wastani, utaridhika na ratiba ambayo mzazi mmoja ataikataa baada ya mwezi, na akimtoa mtoto utakuwa na kiti kitupu na njia ambayo haikufupika kwa kiasi chochote cha maana. Ninachodai kiandikwe kwenye karatasi ni muda wa mtoto wa kwanza. Jioni, angalau, basi lizunguke upande uleule wa asubuhi, ili aliyetangulia kupanda atangulie kushuka. Madereva wengi hupenda kuigeuza njia jioni, na kwa kufanya hivyo humwadhibu mtoto yuleyule mara mbili kwa siku.

Kosa la pili linatokana na lile la kwanza: kudhani kwamba basi la pili linazidisha kilomita mara mbili. Gawanya eneo letu nusu kwa nusu, shule ikiwa kwenye mpaka wa nusu hizo. Kila basi lina kilomita za mraba 50 na vituo 7 au 8, na kwa kigawo cha 0.92 kinachofaa pointi chache namna hiyo, mzunguko wake ni kama kilomita 27 za barabara. Mabasi yote mawili yanakwenda kilomita 54 badala ya 49. Mafuta yanaongezeka kidogo tu, ilhali mtoto wa kwanza anapanda kama saa 12:20 na kusafiri chini ya dakika 70. Gharama halisi ni basi lenyewe na dereva, nayo si ndogo, lakini isiitwe gharama ya kilomita. Kama shule iko nje kabisa ya eneo, hesabu inabadilika, kwa sababu kila basi litalipa safari ya kwenda na kurudi kabla ya kuanza kuzunguka.

Sasa mashaka yangu. Kanuni inadhani vituo vimetawanyika ovyo, na sehemu nyingi za Tanzania havikutawanyika hivyo. Vijiji vingi vya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 vilipangwa kandokando ya barabara, na huko njia ni barabara yenyewe, kwenda na kurudi, kwa hiyo kanuni itakupa kilomita nyingi kupita kiasi. Inafaa zaidi pale ambapo kila kaya imekaa katikati ya mashamba yake.

Ile 1.4 nayo siiamini bila kuipima. Chagua jozi kama kumi za vituo, pima umbali ulionyooka kwenye ramani, kisha pita kwa gari na usome kilomita, halafu gawa. Usitumie bodaboda, maana itakatiza kwenye vijia na kukuletea 1.2 ambayo Kosta haitaiona kamwe. Palipo na mto usio na daraja nimekuta jozi zinazozidi 2, na masika yakianza jozi nyingine huhamia kundi hilo bila taarifa. Kwa sababu hiyo ninatoa makadirio mawili, la kiangazi na la masika, na ratiba inayobandikwa ukutani ninaijenga juu ya lile la masika.

Kitu ambacho sijapata namna nzuri ya kukikadiria ni kusubiri. Mtoto mmoja anayetafuta kiatu huchelewesha dakika 3, na kuchelewa huko hurithiwa na vituo vyote vinavyofuata, lakini basi likiwahi haliruhusiwi kuondoka kabla ya saa iliyoandikwa. Makosa yanakwenda upande mmoja tu. Kwa vituo 15 ninaongeza dakika 10, na namba hiyo haitoki kwenye kanuni yoyote.