Ile asilimia 2 ya faktire: uiachie furniseri ama ukope banki?

Huku Lubumbashi wenye maduka wengi wanatuletea faktire imeandikwa 2/10 net 30, maana yake ukilipa ndani ya siku 10 unapunguziwa asilimia 2, ukipitisha hapo unalipa yote siku ya 30, wanauliza kama inafaa kukopa banki ili walipe mapema, na wengi wamekwisha kujijibu: asilimia 2 ni kidogo, banki inaomba 18, basi bora kungoja. Hapo njo hesabu inapotea, juu ile 2 ni ya siku 20 tu na ile 18 ni ya mwaka mzima.

Tuseme mwenye kenkayeri ku komini Kenya amechukua mabati ya dola 5.000. Akilipa ndani ya siku 10 anatoa 4.900, akipitisha hapo anatoa 5.000 siku ya 30. Kwa kweli bei ya mabati ni 4.900, na ile 100 njo anayolipa ili abaki na zile 4.900 siku 20 zaidi. Gawa 100 kwa 4.900 (si kwa 5.000, juu pesa anayobaki nayo ni 4.900), unapata asilimia 2,04. Siku 20 zinaingia mara 18,25 ndani ya mwaka wa siku 365, zidisha, inatoka 37,2 kwa mwaka, na ukihesabu riba juu ya riba inafika 44 na kitu.

Sasa banki. Dola 4.900 kwa asilimia 18 ya mwaka, siku 20, riba ni kama dola 48, basi anaokoa 100, analipa 48, anabaki na 52. Lakini muangalie sana frai ya dosiye: asilimia 1 tu ni dola 49, na ile faida karibu yote imeenda! Kwa hiyo kufungua mkopo mupya kwa kila faktire mara nyingi haisaidie, inayosaidia ni dekuvere yenye iko tayari, unalipa riba ya siku ulizotumia tu.

Kuna kosa moja linatuumiza tukiliona: mtu anakosa siku ya 10, anashikwa na haraka, analipa yote siku ya 15. Huyo ametoa dola 100 kwa siku 5, ni kama asilimia 149 kwa mwaka. Ukishakosa ya 10, shika pesa yako mpaka ya 30.

Na ukichelewa mpaka siku ya 60 furniseri akanyamaza, ile bei ya kungoja inashuka mpaka asilimia 14,9 kwa mwaka, chini ya banki, hesabu peke yake inasema usikope, ila furniseri anaweza kukukatia deni na kuanza kukuomba kesh mbele ya kupakia mabati. Faktire ya 1/10 net 30 nayo inatoa 18,4, karibu sawa na banki, hapo frai yoyote ndogo inatosha kufanya mkopo usifae.