Mapanga ya Masaka: jinsi hofu ya 2021 ilivyoipita hatari yenyewe

Kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mapema Septemba 2021, watu zaidi ya 20 waliuawa kwa mapanga katika vijiji vya eneo la Masaka, Uganda, hasa wilaya za Masaka na Lwengo. Wauaji walikuja usiku, na wengi wa waliouawa walikuwa wazee waliokutwa majumbani mwao. Nayataja haya mwanzo kabisa ili nieleweke. Nitakaposema kwamba hofu ilizidi hatari, sisemi kwamba waliokufa ni wachache mno wasistahili kuliliwa. Nasema kwamba hofu ile haikubaki Masaka. Ilifika Kampala, ikavuka hadi Jinja na Mbale, na huko ilikokwenda iliaminisha watu mambo ambayo hesabu hazikuyaunga mkono. Mengine bado yanaaminiwa hadi leo.

Dhana: Mwaka 2021 mauaji yaliongezeka Uganda nzima.

Ukweli: Yalipungua. Ripoti ya uhalifu ya mwaka ya Polisi ya Uganda ilionyesha kesi 4,460 za mauaji mwaka 2020, na 3,912 mwaka 2021. Hapo kuna upungufu wa takriban asilimia 12, katika mwaka uleule ambao watu walikuwa wakisukuma makabati nyuma ya milango kabla ya kulala.

Najua jibu linalokuja mara moja: takwimu za polisi haziaminiki. Kwa wizi wa simu au kupigwa ndani ya nyumba, pingamizi hilo lina uzito, maana wengi hawaendi kituoni kabisa. Mauaji ni tofauti. Mwili hauwezi kukaa bila kuulizwa: mwenyekiti wa kijiji, yaani wa LC1, ataitwa, jamaa watataka kuzika, jirani watajua. Zipo kesi zinazopotea, lakini kwa nchi nzima idadi ya mauaji ndiyo takwimu ya uhalifu iliyo ngumu zaidi kufichika. Na hata tukisema polisi walikosea, ingebidi wakose kesi zaidi ya 500 mwaka 2021 ambazo wasingezikosa mwaka uliotangulia, ndipo tu idadi zilingane. Sijaona sababu ya kuamini hivyo.

Dhana: Basi kama yalipungua, watu wa Masaka waliogopa bure.

Ukweli: Hapana, na hapa ndipo wanaopinga hofu hukosea kwa upande wa pili. Tupige hesabu taratibu. Sensa ya 2014 iliwakuta watu takriban 572,000 katika wilaya za Masaka na Lwengo kwa pamoja. Chukua vifo 25 kama kadirio, vitokee ndani ya wiki sita au saba. Hiyo ni mtu mmoja kati ya kila 23,000 hivi. Inaonekana ndogo, lakini linganisha na nchi. Mauaji 3,912 kwa watu kama milioni 43 ni mtu mmoja kati ya kila 11,000, ila kwa mwaka mzima. Wiki saba ni kama moja ya saba ya mwaka, kwa hiyo kiwango cha kawaida kwa muda huo kingekuwa mtu mmoja kati ya kila 80,000 hivi. Maana yake ni kwamba mapanga pekee, ukiyaacha mauaji ya kila siku, yalileta hatari inayokaribia mara tatu au nne ya kawaida ya nchi.

Na hatari hiyo haikugawanywa sawa. Kijana anayelala katika nyumba ya matofali mjini Masaka hakuwa na hatari sawa na ya bibi wa miaka 75 anayeishi peke yake kando ya shamba la migomba huko Lwengo. Kwa bibi huyo, hatari ilikuwa kubwa kuliko wastani wowote unavyoweza kuonyesha. Akihamia kwa mwanawe kwa mwezi mmoja, alifanya jambo la akili.

Sasa mchukue mfanyabiashara wa Kisenyi, katikati ya Kampala, zaidi ya kilomita 100 kutoka huko. Mapanga ya Lwengo hayakumwongezea hatari yoyote inayoweza kupimwa. Lakini hofu aliyokuwa nayo ilikuwa ileile ya bibi. Sauti za WhatsApp zilizunguka miongoni mwetu tunaozungumza Kiswahili mjini: “Dada, wameshafika Mpigi, kesho wako kwako.” Hofu ilisafiri bila kupungua. Hatari haikusafiri.

Dhana: Habari zikiwa nyingi, basi matukio ni mengi.

Ukweli: Tukio moja huzaa habari nyingi. Mzee akiuawa usiku wa Jumatatu, redio za FM hutangaza asubuhi. Mchana televisheni inaonyesha nyumba na majirani wanaolia. Kesho yake ni mazishi. Keshokutwa msemaji wa polisi anazungumza, kisha mbunge anauliza swali, kisha waziri anatembelea, kisha washukiwa wanaonyeshwa, kisha mahakama. Kila hatua hurudia picha ya kwanza. Msikilizaji aliyesikia mara nane hajui kwamba amesikia juu ya mtu mmoja. Akilini mwake yamebaki mauaji manane.

Zingatia pia hali ya wakati ule. Nchi ilikuwa imetoka kwenye kufungwa kwa siku 42 kwa sababu ya korona, shule zilikuwa zimefungwa, na amri ya kutotoka nje ilianza saa moja jioni. Watu walikuwa ndani, simu mkononi, na vijiji viko gizani na kimya. Mazingira bora zaidi ya kusambaza hofu ni vigumu kuyafikiria.

Lipo jambo linalopimika kwa urahisi zaidi. Mwaka huohuo wa 2021, watu 4,159 walikufa barabarani Uganda, kwa rekodi za polisi. Hao ni zaidi ya 11 kila siku. Kwa wiki saba za Masaka, barabara ziliua mamia ya watu. Wengi wao ni watembea kwa miguu na waendesha boda. Hakuna aliyehamisha bibi yake kwa sababu ya barabara ya Masaka, ingawa barabara hiyo inajulikana na kila dereva wa teksi kwa ajali zake. Ajali ya saa kumi na mbili jioni haina mkono wa mtu mwenye nia mbaya, haina siri, haina barua ya vitisho. Kwa hiyo hupewa sentensi mbili na kuachwa.

Dhana: Barua zilithibitisha kwamba genge lilikuwa kila mahali.

Ukweli: Katika wiki zile, vikaratasi visivyo na jina viliripotiwa sehemu nyingi, hata nje ya Masaka, vikisema “tunakuja”. Kikaratasi ni kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukiandika: mwenye kesi ya shamba na jirani, mdaiwa anayetaka mdai wake ahame, mtoto wa shule asiye na la kufanya. Kinachothibitisha tishio ni kitu kinachofuata baada ya barua. Ukitaka kujua kama barua ya kijiji fulani ni ya kweli, uliza maswali mawili tu: je, kulitokea shambulio pale baadaye, na je, kuna mtu aliyeiona barua hiyo kwa macho yake au wote waliiona kwenye simu? Sehemu nyingi zilizosambaziwa picha za barua hazikushambuliwa.

Wanasosholojia wana maelezo ya mwenendo huu. Stanley Cohen, aliyezaliwa Afrika Kusini na kufanyia kazi zake Uingereza, aliuchambua katika kitabu chake cha mwaka 1972 alipochunguza jinsi magazeti yalivyokuza ugomvi wa vijana kwenye miji ya pwani ya Uingereza. Alionyesha kwamba tukio la kwanza ni la kweli, kisha linaelezwa kwa namna inayotabiri mengine. Utabiri huo hufanya kila jambo dogo lionekane kuwa utimilifu wake. Mwizi wa kuku wa Agosti 2021 hakuwa tena mwizi wa kuku. Alikuwa “mmoja wao”.

Dhana: Hofu hata ikizidi, haina madhara, ni tahadhari tu.

Ukweli: Hofu ya jumla inahitaji sura, na sura inayopatikana haraka ni ya mgeni. Vijana wa doria wenye fimbo na tochi, wasiojua mshukiwa anafananaje, watamsimamisha asiyejulikana kijijini: fundi aliyechelewa, mwenye nywele ndefu, anayetembea usiku bila maelezo. Sisi tunaozungumza Kiswahili tulio Buganda tunalijua hili zaidi ya wengi. Tangu enzi za Amin, lugha yetu imehusishwa hapa na wanajeshi na majambazi. Kujibu kwa Kiswahili swali la doria usiku wa manane, katika kijiji chenye hofu, kunaweza kukuponza kabla hujataja jina lako.

Si jambo la kufikirika. Mauaji ya umati yana sehemu yake ndani ya ripoti ya polisi ya kila mwaka, na idadi huwa ni mamia. Hao wameuawa na watu walioamini kwamba wanajikinga na mhalifu. Mara nyingi chanzo ni kelele moja, “mwizi!”, na hakuna anayeuliza aliyepiga kelele ni nani.

Shinikizo liliwafikia wakubwa pia. Tarehe 7 Septemba 2021 wabunge wawili wa upinzani, Muhammad Ssegirinya na Allan Ssewanyana, walishtakiwa kwa mauaji kuhusiana na mapanga hayo. Walikana. Walipewa dhamana mwezi huohuo lakini wakakamatwa tena, na waliachiwa kwa dhamana Februari 2023, zaidi ya miezi 17 baada ya kushtakiwa, na Ssegirinya alifariki Januari 2025 kesi ikiwa haijaamuliwa. Siamini kwamba kesi hiyo inaweza kueleweka bila kukumbuka jinsi nchi nzima ilivyotaka jina la mtu wa kulaumiwa wakati ule.

Dhana: Hofu ilipotulia, uhalifu ulikuwa umepungua.

Ukweli: Mwaka 2022 mapanga hayakuwa tena gumzo la nchi. Mauaji yaliyorekodiwa yalipanda kidogo hadi 4,043. Kesi zote za uhalifu zilizoripotiwa zilitoka 196,081 hadi 231,653, ongezeko la asilimia 18, na waliokufa barabarani walifika 4,534. Watu walirudi kulala bila kuweka kabati mlangoni.